Shuka Moja, Mikono Miwili: Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi ya Simu ya Nyumbani

Filamu nyingi fupi kuhusu mtu aliyekwenda kufanya kazi ugenini huharibika mahali pamoja: pale anapopiga simu nyumbani. Mhusika anashika simu, anasema "nawakumbuka sana", machozi yanamtoka, muziki unaingia. Au mwongozaji anaogopa machozi, anamfanya mhusika ajisifu kwa mshahara wake na nyumba anayoijenga, na simu inageuka tangazo. Katika njia zote mbili hisia moja imeimeza nyingine. Mwongozo huu unahusu simu hiyo moja tu: jinsi ya kuiandika, kuipiga picha na kuihariri ili hamu ya nyumbani na fahari ya kazi vikae pamoja bila mhusika kutaja hata kimoja.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Rehema anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli ndogo, nchi ya mbali, ambako mashuka hukunjwa kwa mkono. Zamu yake ya usiku inakaribia kwisha. Anampigia mama yake simu ya video. Filamu nzima ni dakika 8, na simu inachukua karibu 6 kati ya hizo.

Kwanza, tafuta kazi ya mikono inayobeba hisia zote mbili

Usianze na maneno. Kabla ya kufungua skripti, jiulize mhusika anafanya nini kwa mikono yake wakati anaongea. Kazi hiyo iwe ndiyo anayolipwa, na wakati huohuo iwe ndiyo aliyokuwa akiifanya nyumbani na mtu anayempigia. Ukiipata, nusu ya filamu umeshaimaliza.

Kwa Rehema, kazi hiyo ni kukunja shuka. Nyumbani, shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe mbili, wanalivuta likanyooka, wanasogeleana, pembe zinakutana, mikono inagusana. Ugenini Rehema amejifunza kulikunja peke yake. Anakutanisha pembe mbili, anazibana kwa kidevu, anatelezesha mkono kwenye ukingo mpaka azipate pembe mbili za mwisho, analikung'uta mara moja, analilaza mezani na kulikunja mara tatu. Analifanya kwa haraka na kwa uzuri, na mtazamaji anaona ustadi. Lakini ustadi wenyewe ni wa mtu aliyekosa wa kumshikia upande wa pili.

Kwa mhusika mwingine itakuwa kazi nyingine. Mpishi anaweza kuwa anapima kwa mizani kitu alichokuwa akikipima kwa kiganja. Dereva wa lori anaweza kuwa anafunga turubai kwa fundo alilofundishwa na baba yake. Kipimo changu ni hiki: mtu wa nyumbani akiiona kazi hiyo, je, kuna swali moja ambalo atauliza kwa mshangao na litamfurahisha na kumuumiza mhusika kwa pamoja? Katika mfano wetu mama anauliza, "Umejifunza lini kukunja peke yako?" Kama huna swali la namna hiyo, bado hujaipata kazi. Endelea kutafuta.

Pili, andika anachokificha kila mmoja

Simu kati ya watu wanaopendana na walio mbalimbali ina kanuni yake: kila upande unamlinda mwenzake. Kwa hiyo chukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza andika jambo ambalo mhusika hataki nyumbani walijue, na kwenye ya pili jambo ambalo nyumbani hawataki yeye alijue. Mambo hayo yawe madogo na ya wazi. "Ana huzuni" halitoshi, kwa sababu huwezi kulipiga picha.

Rehema ameambiwa leo kwamba kuanzia kesho yeye ndiye msimamizi wa zamu. Ni habari njema, na ndiyo sababu amepiga simu. Lakini msimamizi mpya hapati likizo mwaka wa kwanza, na alikuwa ameahidi kuja nyumbani mwaka huu. Kila anapotaka kuitoa habari njema, inakuja imeshikana na ile mbaya. Ona jinsi fahari na hamu ya nyumbani zilivyofungwa katika jambo moja. Huwezi kuchukua moja ukaiacha nyingine. Filamu ambazo fahari ni jambo la kwanza na hamu ni jambo la pili, kila moja na dakika zake, huwa zinahisiwa kama orodha.

Mama naye alianguka wiki iliyopita akaumia kifundo cha mkono. Ameshika simu kwa mkono wa kushoto na anauweka ule wa kulia nje ya picha. Hatalitaja kamwe.

Hapa lugha yetu inakusaidia kuliko unavyodhani. Salamu za Kiswahili ni mahali pazuri sana pa kufichia mambo. "Hamjambo huko?" "Hatujambo, salama tu." Mtu anaweza kusema "salama" mara nne mfululizo kabla ya kutamka neno moja la kweli. Usizikate salamu kwenye skripti eti zinapoteza muda. Ziache, na mpe mwigizaji jambo la kuficha wakati anazisema.

Tatu, andika simu kwa kufuata shuka

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini simu yenye kimya na kazi ya mikono hurefuka. Kurasa 4 zinatosha kabisa kwa dakika zetu 6. Hiki ni kipande cha katikati:

MAMA: Umekula?

REHEMA: Nimekula, mama.

MAMA: Mbona nyuma yako kweupe hivyo?

REHEMA: Mashuka. Ndiyo kazi yenyewe.

MAMA: Hebu nione unavyofanya.

(Rehema anachukua shuka. Pembe mbili chini ya kidevu.)

MAMA: Nani anakushikia upande wa pili?

REHEMA (kidevu kimebana shuka): Nashika mwenyewe.

(Analimaliza. Analilaza juu ya rundo. Kimya.)

MAMA: Umejifunza lini kukunja peke yako?

Jibu la "nashika mwenyewe" limewekwa kwa makusudi pale ambapo taya haliwezi kufunguka vizuri. Sauti inatoka imebanwa, na nusu ya uso imefichwa na kitambaa. Mwigizaji hahitaji kuigiza huzuni wala kiburi. Shuka limeshamfanyia kazi hiyo. Pitia skripti yako yote hivyo, na kando ya kila sentensi andika mikono iko wapi.

Kisha futa. Futa "nawakumbuka", futa "najivunia", futa "maisha ya huku ni magumu". Ukizifuta sentensi hizo na onyesho likabaki halieleweki, tatizo liko katika hatua ya kwanza au ya pili, na kuongeza maneno hakutalitibu.

Nne, usiende nyumbani

Kutakuwa na kishawishi cha kuonyesha nyumbani: mama amekaa kitandani, simu mkononi, mwanga wa asubuhi. Ukienda huko umemruhusu mtazamaji kufika mahali ambapo Rehema hawezi kufika, na hamu yake haitakuwa tena na uzito. Kaa naye chumba cha mashuka. Nyumbani iwe ni sauti tu inayotoka kwenye simu iliyoegemezwa rafuni.

Uamuzi huu pia unapunguza gharama na usumbufu. Kamera ikiwa nyuma ya simu, kioo hakionekani, na huna shida ya kioo kumetameta wala kuakisi taa. Utakionyesha mara moja tu, nami nitalieleza hilo hapa chini.

Kagua saa. Amua tofauti ya saa kati ya nchi hizo mbili kabla ya kupiga picha na uiandike juu ya kila ukurasa. Saa ya ukutani, saa ya kwenye simu na anachokisema mhusika lazima vipatane. Waigizaji wetu watasema "saa tano usiku" huku simu ikionyesha 23:00, na hiyo ni sawa. Kosa ni simu kuonyesha 23:00 katika shoti moja na 16:40 katika shoti inayofuata kwa sababu mlipiga mchana.

Tano, mwite mama kwenye chumba cha pili

Hapa nakuomba usifanye nilivyofanya katika filamu yangu ya kwanza ya aina hii. Mwigizaji wa mama hakupatikana siku ya kupiga picha, kwa hiyo msaidizi alisoma maneno yake akiwa amesimama kando ya kamera. Tulirekodi sauti ya mama wiki mbili baadaye. Nilipoziunganisha, mtoto alikuwa anajibu swali ambalo mama hakuuliza kwa namna hiyo: mama aliuliza kwa upole, mtoto akajibu kama aliyehojiwa. Tulirudia onyesho zima.

Mwigizaji wa mama awepo siku hiyohiyo, katika chumba kingine chenye mlango uliofungwa, na apige simu kweli. Wasionane. Arekodiwe huko kwa maikrofoni yake mwenyewe, sauti safi isiyopita kwenye simu. Rehema amsikie kupitia kidude kidogo cha sikioni, upande wa sikio usioelekea kamera. Kwa njia hiyo unapata sauti mbili zilizotengana kabisa, na wakati wa kuhariri unaweza kusogeza kila moja unavyotaka, ingawa waigizaji walikuwa wakijibizana kweli.

Usitegemee spika ya simu iliyoko rafuni wakati wa kurekodi. Sauti ya mama itaingia kwenye maikrofoni ya Rehema, na hutaweza kuzitenganisha tena.

Maikrofoni ya kifuani ndiyo ambayo wengi wangeichagua, lakini katika onyesho letu haifai. Shuka likibanwa kwa kidevu linashuka juu ya kifua, na kila neno litakuja na mkwaruzo wa kitambaa. Tumia maikrofoni ya fimbo ikiwa juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu, au ile ndogo ifichwe kwenye nywele karibu na paji la uso. Kazi yoyote ya mikono utakayochagua ina kelele yake. Ijaribu pamoja na maikrofoni kabla ya siku yenyewe. Kukung'uta shuka ni kishindo kikubwa, kwa hiyo tulipanga kikung'uto kiangukie kwenye kimya na si juu ya neno. Weka sauti za juu kabisa za mazungumzo karibu na alama ya −12 kwenye kipimo, ili mama akicheka kwa nguvu kuwe na nafasi na sauti isipasuke.

Mashine za kufulia zizimwe wakati wa mazungumzo. Baadaye, wakati watu wote wametoka, ziwashe na urekodi mlio wake peke yake dakika 2, kisha uzizime na urekodi chumba kitupu kwa dakika 1. Kimya cha chumba hicho utakihitaji kila utakapotaka kurefusha kituo kati ya maneno. Ukikosa, kila kituo utakachokiongeza kitasikika kama shimo.

Sita, kupiga picha

Mwigizaji ajifunze kukunja kabla ya siku. Nilimpa wetu mashuka 10 ayakunje kila jioni kwa wiki moja, na nilijua yuko tayari aliponisimulia habari ndefu ya safari yake huku mikono ikiendelea bila yeye kuitazama. Mikono ikisita, mtazamaji ataona mwigizaji anayeshika shuka, na fahari yote itapotea.

Shoti tatu zinatosha. Moja ni pana, kamera pembeni, Rehema mzima na shuka lote likionekana, na hii ipigwe tangu mwanzo hadi mwisho wa simu bila kukatwa, angalau mara tatu. Ya pili ni uso wake, kamera ikiwa kando kidogo ya simu ili macho yake yasitazame moja kwa moja kwenye lenzi. Ya tatu ni mikono. Ukitaka nyingine, fikiria mara mbili.

Mwishoni mwa kila teki piga picha ya rundo la mashuka kwa simu yako. Rundo ndilo saa ya onyesho hili. Likiwa na mashuka 6 katika shoti ya uso na 4 katika shoti pana inayofuata, mtazamaji hatajua kimekosekana nini, lakini ataacha kumsikiliza mama.

Taa za sehemu za kazi zinaweza kumetameta kwenye picha ingawa macho hayaoni. Katika nchi zenye umeme wa hezi 50, piga kwa fremu 25 na kasi ya shata 1/50. Penye hezi 60, shata iwe 1/60. Taa nyingine za elidii humetameta hata hivyo, kwa hiyo rekodi sekunde kumi na uzikague kwenye kioo kikubwa kabla ya waigizaji kuingia.

Sasa kuhusu kioo cha simu. Karibu na dakika ya nne mtandao unakwama na picha ya mama inaganda. Hapo ndipo kamera inageuka na kukitazama kioo kwa mara ya kwanza, na tunaona kile ambacho mama hakukusudia: simu imeinama, na kwenye kona ya picha kuna bendeji mkononi. Rehema anaiona pia. Kisha simu inakatika.

Usijaribu kuipata kwa simu ya kweli. Piga picha ya mwigizaji wa mama mapema, ikiwa na ukungu kidogo wa mtandao mbovu, iweke ijaze kioo chote cha simu, washa hali ya ndege ili ujumbe usiingie katikati ya teki, na zuia kioo kisijizime. Mwanga wa kioo upunguze mpaka uso wa mama usiwe mweupe kupita kiasi kwenye kamera. Mara nyingi hapo ni chini ya nusu. Weka kitambaa cheusi nyuma ya kamera kuzuia mwakisiko.

Saba, kuhariri vituo

Anza na shoti pana peke yake, simu yote, bila kukata. Itazame mpaka mwisho. Kata tu pale unapohisi kwamba unahitaji kuuona uso, na utashangaa jinsi mahali hapo palivyo pachache. Mimi nilibaki na mikato 9 katika dakika 6.

Kisha shughulikia ucheleweshaji. Kwenye simu za masafa, sauti ikichelewa kwa milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wengi hawalioni; ikizidi sana hapo, wanaanza kugongana maneno. Kwa sababu sauti zako zimetengana, unaweza kuamua wapi wagongane. Mimi nagonganisha mara moja tu: Rehema anaanza "Mama, leo nime—" na mama papo hapo anaanza "Halafu yule—", wote wananyamaza, wote wanasema "sema wewe". Habari ya cheo imepotea hapo, na hakuna aliyekosea. Mara mbili ingekuwa hila.

Sauti ya mama usiipitishe tu kwenye kichujio cha simu kilichomo katika programu. Vichujio vingi huacha hezi 300 hadi 3,400 peke yake, ambayo ni sauti ya simu ya kizamani. Simu za video siku hizi husikika zikiwa pana zaidi, na sikio la mtazamaji linaujua uongo huo. Njia bora ni ya mkono: chukua sauti safi ya mama, icheze kupitia spika ya simu halisi ukiwa umeiegemeza kwenye rafu ileile, katika chumba kilekile, na uirekodi upya kwa maikrofoni mahali alipokuwa amesimama Rehema. Rafu ya chuma itaitikisa kidogo, na chumba kitaipa umbali wake.

Muziki usiweke wakati wa simu. Mashine zilizorekodiwa peke yake ziingie chini kabisa, na mashine moja imalize mzunguko na kunyamaza sekunde mbili kabla ya mama kuuliza lile swali lake.

Nane, jaribu kwa watu

Waonyeshe watu watano au sita wasioijua hadithi, kisha waulize jambo moja: "Rehema alitaka kusema nini?" Usiwaulize kama imewagusa. Wote wakijibu kwamba alitaka kurudi nyumbani, umeelemea upande wa hamu; rudi kwenye shoti za mikono na uziache zidumu zaidi, kwa sababu ustadi ndio unaobeba fahari. Wote wakijibu kwamba alitaka kutoa habari njema, umekata kimya baada ya swali la mama mapema mno. Wakianza kubishana wao kwa wao, usiguse kitu.

Halafu ipige bila picha, sauti tupu, na baadaye picha bila sauti. Hisia moja ikibaki nzima katika jaribio la kwanza na kutoweka katika la pili, hiyo inabebwa na maneno peke yake, na huko ndiko kwenye kazi.

Mwisho wa filamu

Rehema anapiga tena. Mama anapokea, safari hii bila picha, na kusema kamera imeharibika. Rehema amekwisha kuona bendeji. Waandishi wengi hapa humfanya aulize. Mimi sikumfanya aulize, kwa sababu angemlazimisha mama kumdanganya waziwazi. Anasema, "Haidhuru, mama. Nisikilize tu," na habari ya usimamizi inatoka yote kwa pumzi moja. Mama anacheka kwa sauti, anamwita mtu nyumbani aje asikie. Kisha anauliza, taratibu, "Kwa hiyo mwaka huu…?"

Rehema anachukua shuka. Anakutanisha pembe mbili. Lakini habani kwa kidevu. Anazishika kwa mikono miwili iliyonyooshwa mbele, kama mtu anayemngoja wa upande wa pili, na shuka linaning'inia. Iache shoti hiyo sekunde 8 kamili, na kimya cha chumba ulichokirekodi kiwe chini yake. Ukiipunguza ikawa 5 inakuwa pozi. Ukiifikisha 12 unamwomba mtazamaji alie. Kata akiwa bado ameshika.